Malango ya mradi: la fedha, la ushauri, au mpaka wa hatua?

Dada mmoja niliyewahi kufanya naye kazi amepewa kuanzisha ofisi ya miradi katika mamlaka ya maji. Bodi imemtaka alete "mfumo wa malango", yaani vituo ambapo mradi unasimama na kuangaliwa kabla ya kuendelea, kabla ya bajeti ijayo. Akanitumia mafaili ya mifumo mitatu, mmoja wa serikali ya Norwe, mmoja wa serikali ya Uingereza na mmoja wa PRINCE2, ile njia maarufu ya kuendesha miradi, pamoja na swali fupi: "Kaka, nichukue upi?" Tuliongea simu hadi salio likakata. Haya ndiyo niliyomwambia, nimeyapanga vizuri kidogo.

Mifumo yote mitatu inatumia neno lango, lakini hailindi mlango mmoja. Wa Norwe unalinda fedha. Wa Uingereza unampa mwenye mradi ukweli ambao watu wake wanaogopa kumwambia. PRINCE2 inampa meneja uhuru wa kufanya kazi kwa kipande, kisha arudi kuomba kipande kingine. Ofisi inayonunua mmoja huku ikidhani umefanya kazi ya mwingine ndiyo inayoishia na vikao vingi na miradi ileile mibovu.

Norwe: mara mbili tu, lakini kwa nguvu

Norwe ilianza mwaka 2000 kulazimisha kila mradi mkubwa wa serikali upitie ukaguzi wa nje kabla ya Bunge kutoa fedha. Ukaguzi huo unaitwa KS2. Baada ya miaka michache waliona kwamba wanakagua kwa makini sana makadirio ya miradi ambayo pengine haikupaswa kuwepo kabisa. Kwa hiyo mwaka 2005 wakaongeza lango la mapema zaidi, KS1, ambalo linafanyika kabla Baraza la Mawaziri halijachagua dhana ya mradi.

KS1 inaamua swali moja: je, hii ndiyo njia sahihi ya kutatua tatizo hili? Wizara haiji na mradi mmoja. Inaleta hali ya kutofanya chochote kipya, pamoja na dhana nyingine zisizopungua mbili zilizo tofauti kweli. Barabara ya njia nne na barabara ya njia sita hazihesabiwi kuwa dhana mbili, kwa sababu zote ni barabara. Wakaguzi ni kampuni binafsi zenye mkataba na Wizara ya Fedha, na wanafanya uchambuzi wao wenyewe badala ya kusoma tu wa wizara husika.

KS2 inaamua kiasi cha fedha na nani akishike. Hapa ndipo pana ujanja ninaoupenda kuliko yote. Makadirio hayatolewi kama namba moja. Yanatolewa kama mtawanyiko, na kutoka humo zinachukuliwa namba mbili. Ya kwanza ni P50, kiasi ambacho mradi una nafasi ya nusu kwa nusu kumalizika ndani yake. Ya pili ni P85, kiasi ambacho una nafasi ya asilimia 85 kutokizidi. Kwa kawaida Bunge linaidhinisha kiasi kilicho karibu na P85, lakini taasisi inayotekeleza inakabidhiwa P50 tu. Tofauti inabaki wizarani. Meneja akiitaka, apande ngazi na aeleze.

Udhaifu wake ni kwamba ulinzi huo wa fedha unaanzia KS2. Watafiti wa Norwe wenyewe wameonyesha kuwa gharama hukua sana kabla ya hapo, kati ya wazo la kwanza na siku Bunge linapopiga kura. Mradi unaweza kunenepa mara mbili njiani kisha ukafika langoni ukiwa na makadirio safi kabisa ya ule unene.

Uingereza: malango sita, na hakuna hata moja linalokataa

Mapitio ya malango ya serikali ya Uingereza yalianza mwaka 2001 chini ya ofisi iliyojulikana kwa kifupi kama OGC, na baadaye yakaigwa Australia na Nyuzilandi. Malango yanahesabiwa kuanzia sifuri hadi tano. Lango 0 linatazama programu nzima na linaweza kurudiwa. Lango 1 linatazama sababu za kuwa na mradi, lango 2 mkakati wa manunuzi, lango 3 uamuzi wa kuwekeza kabla ya kusaini mkataba, lango 4 utayari wa kuanza huduma, na lango 5 faida zilizopatikana.

Watu watatu au wanne wasio wa mradi huo wanakuja kwa siku chache, wanahoji kila anayehusika faragha, kisha wanamwandikia ripoti mtu mmoja: kiongozi aliyebeba dhamana ya mradi. Hawaidhinishi. Hawatoi fedha wala hawazuii fedha. Nguvu yao iko katika maswali na katika siri, kwa sababu fundi wa mfumo atamwambia mgeni aliyeahidi kutomtaja jina jambo ambalo hawezi kulisema mbele ya mkurugenzi wake.

Siri hiyo ilileta kesi. Wananchi waliomba kuona mapitio ya mradi wa kadi za vitambulisho yaliyofanyika 2003 na 2004. Serikali ikakataa kwa hoja kwamba watu wakijua maneno yao yatachapishwa hawatasema kweli. Shauri likafika Mahakama Kuu, na ripoti zikatoka hadharani mwaka 2009. Ukitaka mapitio ya aina hii kwenye taasisi ya umma, amua mapema nani atasoma ripoti. Ukiamua baada ya ripoti mbaya ya kwanza, kila mtu atadhani unaficha.

Kila ripoti ilipewa rangi, na rangi zenyewe nazo zilichanganya watu. Awali nyekundu haikuwa na maana ya kusimama. Ilimaanisha kwamba hatua za kurekebisha zichukuliwe mara moja, na njano kwamba endeleeni lakini marekebisho yakamilike kabla ya lango linalofuata. Rangi ilipima uharaka wa ushauri. Wakubwa wakaisoma kama hali ya mradi, na baadaye utaratibu ukabadilishwa ili rangi ipime imani ya wakaguzi kwamba mradi utafika.

PRINCE2: mpaka wa hatua

PRINCE2 nayo ilitoka serikalini Uingereza, mwaka 1996, na leo inatumika hata kwenye benki na kampuni za simu. Hapa hakuna wakaguzi wa nje. Kuna bodi ya mradi yenye sauti tatu: anayelipa, atakayetumia, na atakayejenga. Bodi inaruhusu hatua moja kwa wakati, mwisho wa hatua ndio mpaka wake, na kila hatua ina kiasi kinachoruhusiwa kuzidi upande wa muda, gharama na mengineyo. Meneja akiwa ndani ya kiasi hicho bodi haimsumbui. Akiona kwamba atakivuka, analeta taarifa kabla hajakivuka, na bodi inaamua kama kuna mpango mpya au mradi ufungwe.

Ni mfumo wa nidhamu ya kila siku, na kwa hilo ni mzuri kuliko hiyo miwili. Kinachokosekana ni jicho la mgeni. Wote watatu kwenye bodi wana maslahi katika mradi kuendelea, hasa yule atakayejenga.

Mradi mmoja, milango mitatu

Nilimtungia mfano wenye tarakimu rahisi. Mamlaka ya maji ina wateja 180,000. Katika kila lita 100 inazozalisha, 38 haziingii kwenye ankara: 22 zinavuja ardhini na 16 zinapotea kwa mita zilizochoka na maunganisho ya wizi. Juu ya hayo kuna madeni makubwa ya ankara. Idara ya biashara inakuja na mradi wa mita za malipo ya kabla kwa wateja wote, shilingi bilioni 26, na kichwa cha andiko kinasema "kupunguza upotevu wa maji."

Mtu wa maji ataona kasoro papo hapo. Mita ya malipo ya kabla inatibu madeni. Deni si maji yaliyopotea, kwa sababu yale maji yalipimwa na ankara ikatoka. Na zile lita 22 zinazovuja kwenye bomba hazijui kama mteja analipa kabla au baada. Mradi unaweza kuwa mzuri, lakini hautibu ugonjwa ulioandikwa kwenye andiko.

Lango la aina ya KS1 lingeikamata kasoro hiyo kwa sababu ya umbo lake tu. Idara ingelazimika kuweka mezani hali ya sasa, kisha tuseme dhana ya kubadilisha kwanza mita za wateja wakubwa 3,000 na kuziba mabomba katika kanda mbili, halafu ile ya mita za malipo ya kabla. Zikipangwa pamoja kwa kipimo kimoja cha lita zilizookolewa kwa shilingi, andiko linaanguka lenyewe bila mtu kugombana na mkurugenzi wa biashara.

Lango 1 la Uingereza lingeikamata kama mmoja wa wale wageni anaijua kazi ya maji. Akiwa mhasibu na wenzake ni watu wa kompyuta, watasifu andiko lilivyopangika. Ndiyo maana katika mfumo huu kuchagua wakaguzi ni nusu ya kazi, na kwenye nchi yenye wataalamu wachache wanaofahamiana wote, ni nusu ngumu.

PRINCE2 inaweza kuipitisha. Inataka sababu za mradi ziandikwe na zipitiwe upya kila mpaka, ni kweli, lakini inaanza pale mtu mwenye mamlaka alipokwisha agiza mradi ufikiriwe. Bodi yenye mkurugenzi wa biashara kama anayelipa, meneja wa ankara kama mtumiaji na muuza mita kama mjenzi haitauliza habari za mabomba.

Sasa tuseme mradi ulirekebishwa ukawa halali kwa lengo la madeni, na tumefika siku ya kusaini. P50 ni bilioni 26, na ndani yake mkataba mkuu wa mita ulikadiriwa bilioni 20. P85 ni bilioni 31. Zabuni ya chini inayokidhi masharti inakuja bilioni 22.4. Mengine yakibaki vilevile, mradi wote sasa unasoma bilioni 28.4.

Kwa mpango wa Norwe, bodi ya wakurugenzi iliidhinisha 31 lakini ofisi ya mradi ilikabidhiwa 26. Meneja hawezi kusaini. Anakwenda kwa mkurugenzi mkuu anayeshika ile bilioni 5 na kuomba 2.4, na mkurugenzi anauliza swali la maana: karibu nusu ya akiba inaondoka kabla mita ya kwanza haijafungwa, je, kilichobaki kinatosha kwa hatari zilizobaki? Anaweza kutoa. Anaweza pia kuagiza wigo upunguzwe, labda kanda moja isubiri.

Kwa mpango wa PRINCE2, tuseme mradi umeruhusiwa kuzidi asilimia 10, yaani hadi 28.6. Makadirio mapya ni 28.4. Hajavuka! Kama mpaka wa hatua uliwekwa baada ya kusaini, hakuna taarifa yoyote inayolazimika kupanda juu, na mradi unaanza kazi ukiwa umebakiwa na milioni 200 za kuyumba. Kama mpaka uliwekwa kabla ya kusaini, bodi itayaona makadirio mapya kwenye mpango wa hatua ijayo. Kwa hiyo mahali unapoweka mpaka kuna uzito kuliko asilimia unayoruhusu. Watu hubishana wiki nzima kama iwe 5 au 10, huku wakiuacha mpaka pale ulipoangukia kwenye kalenda.

Kwa mpango wa Uingereza, wakaguzi wa lango 3 wanatoa njano na kuandika kwamba akiba iliyobaki ipimwe upya kabla ya kusaini. Ni ushauri sahihi. Mwenye mradi anaweza kuufuata, au kuusaini mkataba kesho yake asubuhi.

| Swali la langoni | Norwe | Uingereza | PRINCE2 |
|---|---|---|---|
| Je, ni mradi sahihi? | KS1, lazima kuwe na dhana mbadala | Lango 0 na 1, ushauri | Bodi, kwa andiko lililoletwa |
| Fedha kiasi gani, nani ashike? | KS2, namba mbili na washika wawili | Lango 3, ushauri | Hatua kwa hatua, pamoja na kiasi cha kuzidi |
| Tuko tayari kuwasha? | Hakuna lango | Lango 4 | Mpaka wa mwisho, ukiwekwa |
| Faida imepatikana? | Hakuna lango. Kuna tathmini za baadaye | Lango 5 | Imepangwa, lakini bodi imeshavunjwa |

Swali la tatu la jedwali linahitaji neno zaidi, kwa sababu hapo mfumo wa Uingereza unaishinda miwili mingine waziwazi. Lango 4 linaamua kama huduma inaweza kuanza, na mradi uliochelewa huwa unafika hapo ukikimbia. Maswali yake si ya mradi tena, ni ya wale watakaobaki. Nani atapokea simu saa nne usiku mteja akiingiza tokeni na mita ikaikataa? Je, kituo cha huduma kimejaribu kwa wateja 500 kabla ya 180,000? Walionunua mita za tokeni miaka ya nyuma wanakumbuka kwamba mita nyingi za mfumo wa STS, za umeme na hata za maji, zilitakiwa ziingizwe tokeni maalumu kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, vinginevyo zisingekubali tokeni mpya. Mita zilikuwa zimefungwa vizuri, mradi ulikuwa umekwisha zamani. Mwenye kazi hiyo alikuwa idara ya uendeshaji, ambayo kwenye mipango mingi huitwa kikaoni siku ya makabidhiano.

Nilichomshauri

Sikumwambia achukue mmoja. Lakini sikumwambia achanganye yote pia, maana ofisi yake ina watu wanne na miradi kumi na moja.

Achukue malango mawili ya fedha kwa mtindo wa Norwe, na yawe ya bodi ya wakurugenzi yenyewe: moja kabla ya kuchagua dhana, moja kabla ya kusaini mkataba mkubwa. Kati ya hayo mawili fedha itolewe ya upembuzi yakinifu na usanifu tu. Bomba la mafuta la Hoima hadi Chongoleani ni mfano wa karibu wa subira ya namna hiyo: mafuta ya Uganda yalithibitishwa mwaka 2006, na uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ukatangazwa Kampala tarehe 1 Februari 2022. Katikati kulikuwa na tafiti, mikataba ya nchi na nchi, majadiliano ya kodi, na kila kipande kilikuwa na bajeti yake. Hakuna aliyeagiza bomba la kilomita 1,443 kwa matumaini.

Ndani ya utekelezaji atumie mipaka ya hatua ya PRINCE2, bila makaratasi yake yote. Muhtasari wa ukurasa mmoja unatosha: tulipofika, makadirio mapya, kiasi kilichobaki cha kuzidi. Na mpaka mmoja uwe kabla ya sahihi ya mkataba, hata kama kalenda inalia.

Mapitio ya siri ya mtindo wa Uingereza ayaweke kwa mradi mmoja au miwili mikubwa tu, hasa kabla ya kuwasha huduma, na wakaguzi atafute kwenye mamlaka ya mkoa mwingine kwa kubadilishana. Ninyi mtukague, sisi tutawakagua. Gharama ni nauli na posho ya siku nne.

Kitu kimoja nilimkataza: asiwape wakaguzi wa ushauri kura ya fedha. Siku watu wakijua kwamba mgeni anayewahoji anaweza kuusimamisha mradi wao, wataanza kumwandalia majibu, na atakuwa amepoteza ushauri bila kupata lango.

Aliniuliza atajuaje kama malango yake yanafanya kazi baada ya mwaka. Nilimpa vitu viwili vya kutazama. Cha kwanza ni maamuzi yenyewe: lango likiwa hai, baadhi ya maandiko yanarudishwa, mengine yanawekwa kando, na mara chache moja linauawa. Niliwahi kuwa katibu wa kamati ya malango kwenye taasisi moja kubwa, na katika miaka miwili kila andiko lililoletwa lilipita, mengi kwa maneno "limepitishwa kwa masharti." Masharti hayo hayakuwa na jina la mtu wala tarehe. Hatukurudi kuyatazama hata mara moja.

Cha pili ni kufungua faili la mradi mmoja na kulinganisha tarehe mbili, ya sahihi ya mkataba na ya kikao cha lango. Nilifanya hivyo wiki yangu ya mwisho pale, kwa udadisi tu. Mkataba ulikuwa umesainiwa tarehe 3 Machi. Lango lake lilikaa tarehe 19, mimi mwenyewe ndiye niliyeandika muhtasari.